Waifai ikilegea: angalia haya kabla hujazima rauta

Assalaam alaykum dada, Jumatatu in shaa Allah napanda boti ya asubuhi kwenda Mokowe nikashike basi la Mombasa, kwa hivo nimeona nikuandikie haya ya waifai ya kituo mapema manake nikikueleza kwa mdomo pale mlangoni huku watu wanauliza paswadi utasahau na mimi pia ntasahau. Paswadi za rauta na funguo ya kile kisanduku nimetia kwenye bahasha, iko kwenye kidaka cha ofisini nyuma ya daftari la wageni.

Kwanza jambo moja. Kila mtu akija kulalamika atasema "waifai iko slo" na hilo neno halikuambii kitu. Slo inaweza kuwa hewani, yaani kati ya simu na rauta, au inaweza kuwa kwenye laini, yaani kati ya rauta na jamaa wanaotuuzia intaneti, na dawa ya moja haisaidii nyingine hata kidogo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazima rauta nawasha, inakaa vizuri nusu saa, nafurahi, afu inarudi palepale. Kuzima kunakata kile kilichokuwa kinaziba kwa muda huo tu na kunakufutia ushahidi wote, kwa hivo nakuomba iwe kitu cha mwisho.

Kitu cha kwanza ni hiki. Chukua ile laptopu ya ofisi, nenda ukae palepale alipokaa anayelalamika, sio ofisini kwako, ufungue kile kidirisha cheusi (andika cmd kwenye kutafuta) halafu piga hizi mbili, moja baada ya nyingine:

```
ping -n 20 192.168.88.1
ping -n 20 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaita rauta yetu wenyewe. Ya pili inaita nje, inapita kwenye laini mpaka kwa watu wa Google. Kila mstari unakuja na namba ya ms, ndo muda wa kwenda na kurudi. Rauta yetu ikiwa na afya inajibu kwa 2 mpaka 5, mara mojamoja inaruka 15 sio neno. Ya nje hapa kwetu asubuhi nimezoea kuona 30 hivi. Sasa ikiwa ya kwanza inarukaruka 80, 200, au inaandika Request timed out, shida iko hewani na usipoteze kredit kupigia jamaa wa intaneti, watakwambia kwao kuko sawa na watakuwa wanasema kweli. Ikiwa ya kwanza ni 3 afu ya pili ni 900, hewa ni nzuri, shida ni laini. Zote mbili nzuri na mtu bado analia, basi ni simu yake ama ile tovuti yenyewe, siku ya mwisho ya kutuma maombi kila mwanafunzi wa Kenya yuko kwenye ukurasa mmoja, hapo huna la kufanya.

Hewa safi, laini imejaa: saa ya baada ya magharibi

Hii ndo iliyonisumbua zaidi kwa hivo nitaieleza kwa kirefu. Asubuhi tunapata Mbps 20 za kushusha na 5 za kupandisha. Ikifika saa moja na nusu usiku kina mama wa darasa la juu hawawezi kufungua hata picha moja, na tulikuwa tunadhani ni wingi wa watu. Siku moja nikahesabu, walikuwa watu 11 tu. Nikapiga zile ping mbili: rauta 3ms, nje 1100ms. Sekunde nzima na zaidi! Nikafungua WinBox, ile programu ya kuingilia rauta, Tools, Torch, nikachagua bridge nikabonya Start, nikaona anwani moja tu kwenye safu ya Rx inakula 4.6Mbps mfululizo. Rx hapo maana yake ni kile rauta inapokea kutoka kwenye simu, yaani kinachopanda. Nikatazama jina lake kwenye Leases, ile orodha ya simu zilizopewa anwani, kumbe ni simu ya kijana mmoja kakaa pale chini ya ngazi anacheza gemu, hajui lolote, mchana alikuwa kwenye mashindano ya majahazi karekodi video za dakika kumi kumi, na simu ikiona waifai tu inaanza kupandisha bakapu.

Utauliza, kama anapandisha, kwa nini wanaoshusha wakwame? Manake hata kushusha kunahitaji kupandisha kidogo. Simu ikiomba ukurasa, ombi linapanda, na kila ikipokea kipande inarudisha kijibu "nimepata", nacho kinapanda. Sasa kile kifaa cha jamaa wa intaneti kina foleni ndefu sana, hakiachi kitu kipotee, kinaweka tu kwenye mstari. Ni kama kichochoro chetu cha nyuma, punda wa mawe wakishaingia kumi wamefuatana, hata mtoto aliyetumwa chumvi anangoja nyuma yao, si kwamba chumvi ni nzito. Vile vijibu vidogo vinangoja sekunde nzima nyuma ya video ya jahazi na kila mtu anaona slo.

Dawa yake si kununua laini kubwa. Dawa ni foleni iwe kwetu, tuiongoze wenyewe, na hiyo inapatikana ukiifunga rauta yetu chini kidogo ya kasi halisi ya laini, kiasi cha asilimia 80 mpaka 85, ili kile kifaa cha jamaa kisijae kamwe. Nimeshaiweka, iko hivi (amri hizi za kuanzia na / zinaandikwa kwenye New Terminal ya WinBox, sio kile kidirisha cheusi):

```
/queue simple add name=kituo \
  target=192.168.88.0/24 \
  max-limit=4M/17M \
  queue=pcq-upload-default/pcq-download-default
```

4M ni kupandisha, inatangulia, 17M ni kushusha. Watu wengi wanazigeuza, na ukizigeuza kituo kizima kinashusha kwa 4 utatukanwa mpaka Shela. Hayo maneno ya pcq ndo yanagawa sawa kwa kila simu: akiwa peke yake anapewa zote, wakija wengine anasogea. Usiku ule nilipoiweka ile ping ya nje ilishuka kutoka 1100 mpaka 45 na yule kijana bado anapandisha video zake, wala hakujua kama kuna kitu kimetokea.

Sasa hapa ndo kuna kazi yako. Ile kinga inafanya kazi tu ikiwa laini kweli inatoa zaidi ya 4 na 17. Siku laini ikishuka ikawa inatoa 12, ile 17 yetu haifungi kitu tena, foleni inarudi kwa jamaa na utaona ping ya nje inapanda kama zamani ijapokuwa hakuna mtu amegusa chochote. Kwa hivo kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla hamjafungua, saa kumi na mbili na nusu hivi, chomeka laptopu kwa kebo kwenye rauta, zima foleni kwanza, ndo upime:

```
/queue simple disable kituo
/queue simple enable kituo
```

Ya kwanza kabla ya kupima, ya pili ukimaliza. Ukisahau kuizima utapima kizuizi chako mwenyewe upate 17, afu utoe asilimia 15 tena uweke 14, mwezi ujao 12, mpaka mtabaki na intaneti ya kijiko. (Mimi nilifanya hivo miezi miwili, usimwambie mtu.) Kupima ingia fast.com, ikimaliza bonya Show more info ikupe na ya kupandisha. Pima mara tatu, chukua ile ya chini, sio ile inayofurahisha. Kama ya chini ni 15 na 4, basi foleni iwe 12M na 3M, na hapo ndo una haki ya kuwapigia jamaa ukiwa na tarehe na namba mkononi.

Ukitaka kujua kama foleni inafanya kazi bila kuandika chochote, WinBox, Queues, utaona alama ya kituo ina rangi. Kijani, mzigo uko chini ya nusu, njano unapanda, nyekundu umejaa. Nyekundu usiku sio ugonjwa, ndo kazi yake. Ugonjwa ni kijani na namba zimesimama karibu na sifuri huku watu wamejaa. Hiyo maana yake ile kanuni ya fasttrack imewashwa tena, na fasttrack inapitisha watu pembeni ya foleni hawaiguse. Angalia hivi:

```
/ip firewall filter print where action=fasttrack-connection
```

Ukiona X mbele ya mstari imezimwa, vizuri. Usipoiona, izime:

```
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
```

Ping ya rauta yenyewe ni mbaya

Hapa tunaongea habari ya hewa na hizi nyumba zetu. Jengo letu ni la zamani, kuta za matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, na waifai haipendi. Mawimbi ya 5 (yale ya jina linaloishia na 5G) hayavuki ukuta ule, yanakufa hapohapo. Ya 2.4 yanavuka ukuta mmoja kwa shida, wa pili yanafika yamechoka. Ndo maana kuna kile kidude cheupe kimoja chini na kingine juu, vyote vimeungwa kwa kebo, na naomba asije fundi akakwambia nunua kimoja chenye antena nane uweke katikati. Antena nane hazitoboi ukuta, na hata zikitoboa, simu yenyewe ina antena ndogo haiwezi kujibu kwa nguvu hiyo, inasikia tu haisikiki.

Lakini kisa cha hewa ambacho watu hawakiamini ni cha barazani. Wale wazee na vijana wanaokaa kwenye baraza la nje jioni, waifai inawafikia mstari mmoja, wanashukuru. Simu ikiwa mbali hivo inashuka kuongea polepole ili isikike, inaweza kushuka mpaka 1Mbps. Na hewani anaongea mmoja kwa wakati, wengine wananyamaza. Pakiti moja ya kawaida ya baiti 1500 ukiituma kwa 54Mbps inachukua hewa robo ya milisekunde hata haifiki, ileile kwa 1Mbps inachukua milisekunde 12. Yaani simu moja ya barazani ikituma kipande kimoja, aliye ndani angetuma hamsini. Simu mbili tatu za hivo na chumba kizima kinasimama, na ukitazama Torch huoni anayekula kitu manake kwa data wanatumia kidogo sana, wanachokula ni muda.

Jinsi ya kujua: ping ya rauta inarukaruka jioni wakati baraza limejaa, ikifika isha wameenda kuswali inatulia yenyewe. Nimeshazima zile kasi za kizamani za 1, 2, 5.5 na 11, simu iliyo mbali sana sasa inakataliwa badala ya kuburura wengine. Kwa hivo wa barazani watakuja kulalamika kwamba zamani ilikuwa inashika. Ni kweli ilikuwa inashika. Waambie waingie ndani, au mkipata pesa ya kidude cha tatu kiwekwe dirisha la mbele kwa kebo, mi naona hiyo ndo njia ya adabu manake wengine pale ni wazee wetu.

Chaneli: kwenye 2.4 ni 1, 6 na 11 tu ndo haziingiliani, cha chini nimeweka 1 cha juu 11, upana 20MHz. Usiache "auto", vikiwashwa pamoja umeme ukirudi vyote vinaweza kuchagua sawa. Jirani mwenye nyumba ya wageni anabadilisha vifaa vyake kila msimu, kwa hivo mara moja kila miezi mitatu tazama na apu yoyote ya simu ya kuonyesha chaneli, ukiona wamejazana kwenye 1 hamia 6. Basi, haina zaidi.

Imeshika waifai lakini inasema haina intaneti, au inazunguka tu

Hii sio slo ila watu wanaiita slo. Ikitokea kwa mtu mmoja, asahau mtandao aingie upya. Ikitokea kwa kila anayeingia baada ya saa fulani huku walioingia mapema wako sawa, ni anwani zimekwisha. Rauta inampa kila simu anwani, na aliyeiweka kabla yangu aliweka anwani 50 tu, za kushikwa saa 24. Siku ya usajili wa vijana walipita watu kama sabini, simu ya mpita njia aliyekaa dakika tano inashika anwani mpaka kesho, kwa hivo saa nane mchana ya 51 ikakosa. Ukiangalia laptopu iliyokosa utaona kajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, hiyo ndo alama yake. Nimepanua mpaka 231 (kutoka .20 hadi .250) na muda ni saa 2. Kuangalia zimetumika ngapi:

```
/ip dhcp-server lease print count-only
```

Siku ya kawaida utaona 30, 40. Ikipita 200 na hakuna sherehe, paswadi imesambaa mtaani, ibadilishe.

Laini inakatika na kurudi, hasa kusi

Hii ni chumvi. Dishi liko darini linatazama mnara, na kebo yake imekaa kwenye upepo wa bahari. Kusi ikivuma sana ule mvuke wa chumvi unaingia kwenye kichwa cha kebo, vile vishaba vidogo vinaota kutu ya kijani, na kebo haifi mara moja, inakufa polepole, ndo mbaya. Angalia hivi kila Jumamosi:

```
/interface ethernet monitor ether1 once
```

Soma mstari wa rate. Yetu ni 100Mbps. Juni iliyopita nilikuta 10Mbps, watu wiki nzima wanalalamika na mimi nabadilisha chaneli kama mjinga, kumbe hata ile 17 haikuwa inafika kwenye rauta. Nikapanda, nikavuta kile kichwa, kilikuwa kijani kama ndimu. Nikakata sentimita tano za kebo (ukikata kidogo shaba ya ndani bado ni nyeusi, kata mpaka uone inang'aa), nikafunga kichwa kipya, nikapaka grisi ya silikoni, nikairudisha. Na kebo lazima ining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye dishi, ipige kitumbo, ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye kitumbo yasifuate kebo mpaka ndani. Aliyeifunga mwanzo aliivuta ikanyooka, ilikuwa inapendeza.

Vichwa vipya 14 viko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, koleo la kubania liko humohumo. Vibadilishe kila mwaka kabla ya kusi, Machi hivi, hata kama ni vizima. Kabla ya kupanda chomoa kile kiadapta kinachopeleka umeme juu kwa kebo.

Ngazi sio yetu, ni ya yule fundi wa majahazi nyumba ya tatu, anaitoa vizuri tu ila umwendee kabla ya adhuhuri, akishakula akalala mkewe haijui ilipo.